Shangazi kaandika kwenye grupu la ukoo kwamba beseni la maji linanyonya sumu ya jiko. Nimjibuje bila kumvunjia heshima?

Mwana_Uyole, saa 2:35 usiku

Wakuu, naomba msaada wa haraka. Kwenye grupu letu la ukoo la Wasapu tuko watu 46, kuanzia Mbeya huku mpaka Njombe na Makete. Jioni hii shangazi yetu mkubwa ameweka ujumbe huu:

"Wapendwa baridi ya mwaka huu imezidi. Mnaoingiza jiko la mkaa chumbani usiku wekeni beseni la maji karibu na jiko mtie na chumvi kidogo, maji yananyonya sumu yote ya mkaa. Hakikisheni mkaa umeiva umekuwa mwekundu hauna moshi. Mtalala salama. Tuwajulishe na wengine."

Una vile vishale viwili juu, kwa hiyo umezunguka sana kabla ya kumfikia yeye. Watu zaidi ya kumi wameshaitikia "asante shangazi". Mmoja ni binamu yangu wa Makambako, ana kichanga cha wiki tatu, kaandika "leo naweka beseni". Najua si kweli ila kuieleza kwa ufasaha siwezi. Na shangazi huyu ndiye aliyelea nusu ya watu waliomo humo. Hakuna mtoto wa ndugu yake aliyewahi kumkosoa mbele za watu. Nimwandikie nini, na nimwandikie wapi?

Kipengere75, saa 2:41

Mfuate pembeni tu, usithubutu kuandika kwenye grupu. Mzee hasahihishwi hadharani. Mweleze taratibu, akielewa atafuta mwenyewe. Hapo heshima yake imebaki na yako imebaki.

Muuguzi_Mdandu, saa 2:46

Kipengere, kwa heshima ya shangazi uko sahihi. Ila ukimfuata pembeni umemsahihisha mtu mmoja, na waliosoma ni 45. Baadhi yao wanaingiza jiko ndani saa hii hii.

Mleta uzi, kabla hujafikiria maneno ya kumwandikia shangazi, mpigie binamu yako. Usimtumie meseji, maana mwenye kichanga anaweza asishike simu mpaka asubuhi. Mwambie jiko litoke chumbani sasa hivi, liwekwe nje kabisa. Lisiwekwe koridoni wala kwenye veranda iliyofungwa. Afungue mlango na madirisha hewa ibadilike kwanza, ndipo wafunge walale. Muulize pia kama kuna mtu anaumwa kichwa, ana kizunguzungu au kichefuchefu. Rudi hapa ukishampigia.

Mkaa_wa_Miwati, saa 2:52

Mimi nauza mkaa Mafinga. Shangazi hajakosea sana. Sumu iko kwenye mkaa mbichi unaofuka moshi. Ukiwashia nje mpaka ukaiva wote mwekundu, moshi umeisha. Ukiacha na dirisha wazi kidogo hakuna tatizo.

Muuguzi_Mdandu, saa 3:01

Kuwashia nje ni vizuri, moshi wa mwanzo ni mbaya kwa mapafu, hasa ya mtoto. Ila inayoua watu usingizini siyo ule moshi, ni kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Mkaa ukiwa mwekundu ndipo inapoendelea kutoka kimyakimya, kwa sababu hewa inayopita katikati ya makaa ya moto haina oksijeni ya kutosha kuuchoma mkaa ukaisha kabisa.

Wewe unayeuza mkaa utakuwa umeona ule mwali mdogo wa bluu unaocheza juu ya makaa jiko likishakolea. Ule ni hewa hiyohiyo ikiungua pale juu. Mwali ukipotea na makaa yakaanza kufunikwa na majivu, hewa haijakoma kutoka. Sehemu yake kubwa sasa inatoka bila kuungua, inaingia chumbani. Ndiyo maana jiko linaloonekana limepoa nusu ni la kuogopwa kuliko linavyoonekana.

Dirisha wazi kidogo ni bora kuliko kufunga kabisa. Lakini hakuna anayeweza kukuambia "kidogo" hicho ni kiasi gani, maana inategemea upepo, ukubwa wa chumba na mkaa uliomo. Halafu saa saba usiku baridi ikizidi mtu anaamka anasukuma dirisha analifunga, na jiko bado limo. Kupika mchana mkiwa macho, mlango wazi, ni habari nyingine kabisa na kulala nalo.

Mwana_Uyole, saa 3:04

Nimempigia. Jiko lilikuwa tayari chumbani na beseni pembeni. Mume wake amelitoa nje, wamefungua madirisha. Ila kasema hii ni siku ya tatu wanalala na jiko, na leo tangu asubuhi kichwa kinamgonga na alitapika mara moja. Yeye anadhani ni malaria au uchovu wa uzazi. Akitoka nje kuanika nguo anapata nafuu. Mtoto amenyonya kidogo leo.

Muuguzi_Mdandu, saa 3:07

Waende hospitali usiku huu, yeye na mtoto wote wawili, na mume pia apimwe. Hiyo ya kupata nafuu akitoka nje ni dalili inayosema mengi. Malaria haikuachii ukitoka uani. Inaweza kuwa kitu kingine pia, mama wa wiki tatu na kichanga asiyenyonya vizuri wanahitaji kuonwa kwa vyovyote.

Wakifika, sentensi ya kwanza iwe "tumelala na jiko la mkaa chumbani siku tatu". Wasipoisema, mhudumu ataona kichwa na kutapika, atafikiria malaria au mafua. Na ile mashine ndogo ya kubana kidole inaweza kuonyesha 98 ilhali mtu ana sumu mwilini. Haitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba hewa ya mkaa. Wasirudishwe nyumbani kwa namba hiyo peke yake. Tiba ni oksijeni kwa barakoa. Kwa hewa ya kawaida sumu hupungua kwa nusu katika saa 4 au 5 hivi, kwa oksijeni nyingi ni kama saa 1 hadi 1 na nusu. Maziwa hayaondoi sumu hii, wasipoteze muda nayo. Na mtu aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote.

Mnyalukolo_Halisi, saa 3:12

Samahani naingilia. Na mimi nina baba mdogo Iringa anayetuma kila siku kwamba kitunguu saumu kinatosha kwa presha, watu waache vidonge. Naye nimjibu namna hii?

Mama_Isyesye, saa 3:16

Mnyalukolo, hiyo ni hatari pia, ila mwendo wake ni tofauti. La jiko linaweza kuua kabla ya asubuhi, ndiyo maana tunakimbizana. Hilo la presha lina nafasi ya wewe kwenda kukaa naye. Muulize kwanza kama yeye mwenyewe ameacha vidonge, maana mara nyingi anayesambaza ndiye ameshaanza. Kitunguu saumu ale kwenye mboga, vidonge asiache bila daktari wake kujua. Fungua uzi wako, nitakuja tuandike pamoja.

Mwana Uyole, pole na shughuli. Binamu akishaanza safari, andika hapa rasimu ya ujumbe uliokuwa unataka kutuma.

Fundi_Dari, saa 3:19

Kwa mwenye kichanga mimi nashauri jiko banifu, linakula mkaa kidogo na joto linakaa muda mrefu. Yapo mengi Mwanjelwa.

Muuguzi_Mdandu, saa 3:21

Fundi, swali halikuwa jiko gani. Jiko banifu linaokoa mkaa, ila nalo linatoa hewa hiyohiyo. Nalo halilali na watu.

Mwana_Uyole, saa 3:24

Wamepata gari, wanaelekea hospitali. Rasimu yangu hii hapa:

"Shikamoo shangazi. Samahani lakini habari uliyoweka si ya kweli na ni hatari sana, watu wanakufa. Maji hayanyonyi sumu. Tusiwe tunasambaza vitu bila kuhakiki."

Mama_Isyesye, saa 3:33

Shikamoo umeianza vizuri. Ila soma ujumbe kama vile wewe ndiye shangazi, umevaa miwani, wajukuu wawili wamekaa pembeni yako.

"Uliyoweka" inamtundika yeye. Uongo huu haukuanzia kwake, umemfikia ukiwa na vishale viwili. Ongelea jiko na beseni, mtu muache. "Samahani lakini" kila mzee anajua kinachofuata ni kipigo. "Tusiwe tunasambaza" umejificha ndani ya "sisi" lakini kila mtu anajua ni nani amesambaza. Halafu kubwa kuliko yote, umechukua jiko lao na hujawapa kitu cha kuzuia baridi. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba mtu hataacha jiko kwa sababu umemwambia hatari. Ataliacha akiwa na kitu kingine cha kumpa joto.

Kuna jambo jingine. Usibonyeze Jibu kwenye ujumbe wake. Ukifanya hivyo maneno yake na jina lake vinakaa juu ya maneno yako kwenye kiboksi, kama ushahidi mahakamani. Andika ujumbe unaojitegemea, utaje "jiko na beseni la maji" ili kila aliyesoma ule wa kwanza aelewe unazungumzia nini.

Na anza na lililo kweli. Wengi husoma mistari miwili ya juu tu, wengine watausambaza wakiwa wamesoma hiyo miwili. Ukianza na "watu wanasema maji yananyonya sumu..." umeurudia uongo mahali panaposomwa zaidi. Utaje mara moja tu, katikati, na uukanushe hapohapo.

Mwana_Uyole, saa 3:36

Nimeelewa. Ila atauliza kwa nini maji hayanyonyi. Shangazi hapendi jibu la "wataalamu wanasema".

Muuguzi_Mdandu, saa 3:45

Na ana haki. Mpe hesabu. Chumba cha mita 3 kwa 3, kimo mita 2 na nusu, kina hewa kama lita 22,500. Sumu hii ikifika sehemu moja tu kwa elfu, humo ndani kuna lita zaidi ya 22 za sumu, na kukaa kwenye hewa hiyo kwa saa kadhaa kunaweza kuua. Sasa weka ndoo nzima ya lita 20 ya maji, achilia mbali beseni. Hewa hii haipendi maji. Kwa kiwango hicho ndoo yote inameza kama nusu mililita, hata maji yakiwa ya baridi kali haifiki mililita moja. Mililita moja ndani ya lita 22. Kijiko kidogo cha chai ni mililita 5. Na chumvi ndiyo inaharibu zaidi, maji ya chumvi humeza hewa kidogo kuliko maji matupu.

Lakini msimwambie kwamba beseni halina kazi yoyote. Jiko linakausha hewa, mtu anaamka koo limemkauka. Maji yakipata joto yanatoa mvuke, koo linalainika, mtu anahisi hewa imekuwa nyepesi. Nadhani hapo ndipo imani yenyewe ilipojijenga. Waliolihisi hilo hawakudanganya. Tatizo ni kwamba kitu walichokihisi si kile kinachoua.

Kipengere75, saa 3:49

Na akisema "sisi tumekua tukilala na moto ndani, mbona hatukufa"? Atasema tu, mama yangu naye husema hivyohivyo.

Muuguzi_Mdandu, saa 3:54

Hapo msibishane naye. Nyumba nyingi za zamani huku zilikuwa na uwazi kati ya ukuta na paa, na nyasi zenyewe zinapitisha hewa. Moshi ulikuwa unatoka, unauona ukiwa barabarani. Nyumba za sasa tumeweka dari, madirisha ya vioo ya kusukuma, na mlango una mpira chini kuzuia baridi. Tumeifunga hewa ndani sisi wenyewe. Mwambie hivyo, na ndivyo ilivyo.

Mkaa_wa_Miwati, saa 3:57

Nimekubali la mwali wa bluu, nimeliona maisha yangu yote bila kujua ni nini. Ila hilo la nyumba za zamani muwe waangalifu. Mwenye nyumba ya nyasi atasoma ataona yeye ameruhusiwa.

Muuguzi_Mdandu, saa 3:59

Kweli kabisa. Uwazi ulipunguza hatari, haukuiondoa. Iandikwe hivyo.

Mama_Isyesye, saa 4:06

Nimejaribu hii. Ibadilishe iwe kwa sauti yako:

"Shikamoo shangazi, shikamooni wazee wetu, na wadogo hamjambo. Tafadhali jiko la mkaa lisilale chumbani na watu usiku huu. Shangazi ametukumbusha baridi na afya zetu, nami nimeuliza kwa muuguzi nikaona niongeze. Mkaa ukiwa mwekundu bado unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na beseni la maji haliikamati, linasaidia tu koo lisikauke. Nyumba za wazee wetu zilikuwa na uwazi chini ya paa, hatari ikapungua ingawa haikuisha. Hizi zetu zenye dari na vioo zinaifungia ndani. Tuchemshe maji jikoni au nje, tuyaache yapoe kidogo, tuyatie kwenye ile chupa ya mpira ya maji ya moto, tukaze kifuniko, tuifunge kwa kanga na kuiweka kitandani dakika 20 kabla ya kulala. Kwa kichanga tuitoe kabla ya kumlaza, tumvike soksi na kofia wakati wa kumhamisha, alale karibu na mama. Anayeumwa kichwa au kutapika kwenye nyumba yenye jiko atoke nje na aende hospitali aseme habari ya jiko. Shangazi, wewe ndiye unayesikilizwa na wote, tunaomba utukumbushe hili kila jioni msimu huu."

Sasa mpango wa kuutuma. Mpigie shangazi kwanza, sasa hivi. Usimsomee ujumbe. Mwambie, "Shangazi, nimeona ulivyotujali kwa habari ya baridi, nimeuliza kwa muuguzi kuhusu lile beseni, kaniambia kitu nikaona nikuletee wewe kwanza." Kisha muulize kama angependa aseme yeye au uandike wewe. Akisema mwenyewe ndiyo bora kuliko vyote. Asipopokea simu mara mbili, tuma kwenye grupu, kesho utamweleza ulimtafuta. Heshima yake itarudi, mtu akilala na jiko harudi.

Kabla hujatuma, wafuate pembeni wale vijana wawili watatu wa grupu lenu wenye vikatuni vya kucheka. Kila ukoo unao. Ujumbe wako unaweza kuwa wa adabu kabisa, halafu mmoja akaweka uso unaocheka machozi chini yake, na hicho ndicho shangazi atakachokumbuka mwaka mzima. Waambie watakaojibu waandike "asante shangazi, asante dada" basi.

Na habari ya binamu isitajwe kwenye grupu hata kwa fumbo. Ni ugonjwa wake, na ukiitaja leo umemwambia shangazi mbele ya watu 45 kwamba ndiye aliyemlaza hospitali. Tena ukweli wenyewe si huo, walianza kulala na jiko kabla ya ujumbe.

Mwana_Uyole, saa 4:38

Nimeongea naye. Mwanzoni alinyamaza, kisha akasema ametumiwa na mtu wa kikoba ambaye mwanawe ni daktari. Sikumbishia, nikamwambia labda walimaanisha ukavu wa hewa, nikampa ile hesabu ya ndoo. Akauliza mara mbili, "ndoo nzima?" Akasema niandike mimi, yeye atatia sauti kwa Kibena kwa ajili ya wale bibi wasiosoma. Nimetuma, na sauti yake imeshaingia. Hakuna aliyecheka.

Sasa ule ujumbe wa kwanza bado upo. Nimwombe aufute?

Kipengere75, saa 4:41

Aufute. Nafasi ya kufuta kwa wote ni kama siku mbili tu, ikipita inabaki. Mtu akiingia kesho asubuhi anaanza kusoma juu, anakutana na beseni.

Mama_Isyesye, saa 4:44

Mimi ningeuacha kwa leo. Ukifutwa unabaki mstari unaosema ujumbe umefutwa, na wasiokuwepo wataanza kuuliza shangazi alifuta nini. Sauti yake mwenyewe inatosha.

Muuguzi_Mdandu, saa 4:47

Hapa mimi niko na Kipengere. Anayeunakili kuupeleka kwenye kwaya hatachukua na sauti ya Kibena pamoja nao. Ila uamuzi ni wa shangazi. Msimwombe admini aufute bila yeye kujua. La haraka zaidi ni kumuuliza aliupeleka wapi kwingine. Kama kikoba kimeupata, apeleke na huu mpya huko.

Mwana_Uyole, saa 5:20

Kaupeleka kikoba na kwaya. Anapeleka mpya sasa hivi.

Binamu na mtoto wako kwenye oksijeni. Alisema habari ya jiko pale mlangoni. Mashine ya kidole ilisoma 97 na muuguzi wa zamu akasema hataitegemea. Mtoto amenyonya. Mume amepimwa, anaangaliwa. Shangazi hajui kama wako hospitali. Nimwambie?

Mama_Isyesye, saa 5:24

Muulize binamu. Akitaka shangazi ajue, aseme yeye, na aanze kwa kusema kwamba walikuwa na jiko tangu juzi.

Kipengere75, saa 5:27

Mimi naona shangazi aambiwe usiku huu huu. Akija kusikia kwa mtu mwingine kwamba mlimficha mjukuu aliyelazwa, hiyo itamuuma kuliko la beseni.

Mwana_Uyole, saa 5:31

Nampigia binamu nimuulize.